JINA LIMEPITA SAA NGAPI?

Mwanzo mrefu, mwisho wa mbio: hapo ndipo filamu fupi nyingi zinapoumbuka

Wiki hii naomba nikupeleke uani, kwenye nyumba moja ya kupanga kule Temeke. Ni Jumamosi, saa mbili usiku. Shuka jeupe limetundikwa ukutani, projekta ya kuazima iko juu ya ndoo iliyofunikwa, na watu kama arobaini wamekaa kwenye mikeka, viti vya plastiki na makreti ya soda. Washikaji zangu wanaonyesha filamu yao fupi ya kwanza, dakika 11 tu, inayomhusu konda wa daladala na bibi kizee anayedai chenji yake ya shilingi 200. Jina lake la kweli nitawaachia wenyewe. Hapa tuiite CHENJI.

Kwenye mkeka wa mbele kabisa alikaa mama mmoja. Kajifunga khanga mpya, doti nzima, ile inayotoka kabatini siku ya harusi tu. Katoka Mbagala kwa daladala mbili. Kisa? Mwanae ndiye aliyeshika maiki ya mti kwa siku tatu za kupiga picha, mikono juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa na polisi. Kijana kamwambia, "Mama, jina langu litatokea mwishoni."

Filamu ikaisha. Watu wakapiga makofi. Majina yakaanza kupanda kutoka chini ya shuka… fyuuu! Kufumba na kufumbua, giza. Mtu akawasha taa ya uani.

Mama kageuka. "Jina la mwanangu liko wapi?"

"Limepita, mama," akajibu mwongozaji, huku anacheka cheka.

"Limepita saa ngapi?"

Bwana wee! Hakuna aliyejibu. Yule kijana wa maiki alikuwa anakunja waya, macho chini. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na projekta, na roho iliniuma kwa sababu orodha ile ya majina niliiandika mimi. Niliambiwa, "Wewe si unaandika magazetini? Basi tuandikie maneno ya mwanzo na ya mwisho." Nikaandika kama mtu anayeandika barua ya kuomba kazi, nikawapa, nikaenda zangu. Kumbe kuandika maneno ndiyo nusu ya kwanza. Nusu ya pili ni kuyapa muda, na muda wenyewe unatoka kwenye muziki.

Kesho yake tulikaa watu wanne mbele ya kompyuta: mwongozaji, fundi wa kuhariri, mshikaji aliyetengeneza muziki, na mimi. Tukaanza upya. Niliyojifunza siku ile ndiyo haya.

MWANZO ULIKUWA HOTUBA

Tuanze na kosa langu. Maneno ya mwanzo niliyoandika yalikuwa kadi kumi na moja. Kadi, kwa lugha ya mafundi, ni maandishi yanayotokea kiooni yakiwa yamesimama, kisha yanaondoka. Nilikuwa na kadi ya kikundi kilichotengeneza, kadi ya waliochangia, kadi ya kila mwigizaji, kadi ya mavazi, na mwongozaji alitokea mara nne: wazo lake, kaandika yeye, kaongoza yeye, na kagharimia yeye. Jumla sekunde 80. Kwenye filamu ya dakika 11, hiyo ni zaidi ya moja ya kumi ya filamu yote. Watu uani wakaanza kupiga stori, na konda alipofungua mdomo, nusu hawakumsikia. Neno la kwanza la konda ndilo linalobeba kisa kizima, nalo likapotea.

Zamani huko Marekani watazamaji walifanya vivyo hivyo. Majina yalikuwa yakionyeshwa huku pazia la ukumbi bado limefungwa, watu wanatafuna bisi na kutafuta viti. Mwaka 1955 mchoraji Saul Bass alitengeneza maandishi ya kufungulia The Man with the Golden Arm, filamu kuhusu mtu mwenye ulevi wa madawa ya kulevya. Michirizi myeupe inapita kwenye giza ikifuata muziki wa jazi, na mwisho inageuka kuwa mkono uliopinda. Makopo ya filamu ile yalipelekwa kumbini na maelekezo kwa wapiga mashine kwamba wafungue pazia kabla ya majina, kwa sababu majina yenyewe ni sehemu ya filamu.

Lakini mfano unaotufaa zaidi unaujua wewe tangu utoto. Kumbuka The Lion King ya mwaka 1994, yule Simba, Rafiki na wenzao wenye majina ya Kiswahili. Jua linachomoza, Lebo M anapaza sauti kwa Kizulu, wanyama wanakusanyika, mtoto anainuliwa juu ya mwamba. Wimbo wote huo jina la filamu hulioni! Wimbo unafika kileleni, pwaa! ngoma moja nzito, picha inakatika, na jina linatokea kwa herufi nyekundu kwenye giza. Ngoma na jina vimegonga pamoja. Sasa jaribu kuwaza jina lile likitokea robo sekunde kabla ya ngoma. Imeharibika, si ndiyo? Hapo ndipo tulipoanzia.

HESABU YA PIGO

Usikimbie msomaji, hesabu yenyewe ni ya darasa la tano.

Mshikaji wa muziki alitengeneza kipande chenye marimba, kayamba na ngoma, mwendo wake mapigo 100 kwa dakika. Dakika ina sekunde 60. Gawa 60 kwa 100, unapata 0.6. Kwa hiyo kila pigo linachukua sekunde 0.6. Muziki huu unahesabiwa nne nne, moja-mbili-tatu-nne, kisha unarudi mwanzo. Mzunguko mmoja wa mapigo manne ni sekunde 2.4. Shika namba hiyo, 2.4, maana ndiyo rula yetu.

Picha nayo ina mwendo wake. CHENJI ilipigwa kwa fremu 25 kila sekunde, yaani picha 25 zilizosimama zinazopita haraka mpaka jicho linadanganyika. Pigo la sekunde 0.6 mara fremu 25 ni fremu 15 kamili. Mzunguko ni fremu 60 kamili. Hakuna masalia! Hii si bahati. Fundi wa kuhariri ndiye aliyemwambia mwenye muziki achague mapigo 100, maana yanaingia vizuri kwenye fremu 25. Kama simu yako inapiga fremu 30 kwa sekunde, bado uko poa, kila pigo litakuwa fremu 18. Ila ukipiga fremu 24, pigo linakuwa fremu 14.4, na hakuna kitu kinachoitwa sehemu ya fremu. Itabidi uwe unaongeza na kupunguza fremu moja hapa na pale, au mwenye muziki asogee kwenye mapigo 96, ambapo kila pigo linarudi kuwa fremu 15.

Baada ya hapo tukausikiliza muziki bila picha, macho yamefumbwa, kila mmoja na kalamu yake. Swali lilikuwa moja: ngoma kubwa inagonga wapi? Mizunguko miwili ya kwanza ni marimba peke yake. Wa tatu mpaka wa sita kayamba inaingia na kupanda. Mwanzo wa mzunguko wa saba, ngoma, gwum! Mizunguko sita imepita, mara 2.4, ni sekunde 14.4. Basi hapo ndipo jina la filamu linapokaa, na kila kitu kingine kinahesabiwa kurudi nyuma au kwenda mbele kutoka hapo.

Tulichoandika kwenye karatasi kilikuwa hiki:

Mzunguko wa 1 na 2 (sekunde 0 hadi 4.8). Picha: mkono wa konda, noti zimekunjwa katikati ya vidole. Maandishi: hakuna. Muziki: marimba peke yake.

Mzunguko wa 3 na 4 (4.8 hadi 9.6). Picha: mlango wa daladala, miguu inapanda. Maandishi: majina ya waigizaji wakubwa wawili, kadi moja. Muziki: kayamba inaingia.

Mzunguko wa 5 na 6 (9.6 hadi 14.4). Picha: bibi anafungua fundo la khanga kutoa nauli. Maandishi: "Imeandikwa na kuongozwa na" fulani. Muziki: kayamba inapanda.

Mzunguko wa 7 na 8 (14.4 hadi 19.2). Picha: giza. Maandishi: CHENJI. Muziki: ngoma kubwa, kisha mlio wake unafifia.

Mzunguko wa 9 na 10 (19.2 hadi 24). Picha: stendi asubuhi. Maandishi: hakuna. Muziki unashuka chini ya sauti ya konda anayeita abiria.

Sekunde 24 badala ya 80. Kadi tatu badala ya kumi na moja. Angalia na mizunguko miwili ya mwisho, haina maandishi hata kidogo. Hiyo ni ngazi ya kushukia. Jicho limemaliza kusoma, sikio linahama kutoka kwenye muziki kwenda stendi, na konda akisema neno lake la kwanza kwenye sekunde ya 25, hakuna anayepiga stori.

Mwongozaji alinuna kidogo. Jina lake kutoka mara nne kuwa mara moja! Fundi akamtuliza: "Kaka, desturi ni kwamba jina la mwongozaji linakuja la mwisho katika majina ya watu. Umekaa hapo karibu na ngoma, unataka nini tena?" Akacheka. Yakaisha.

KASHESHE YA 14.4

Tukaweka maandishi kwenye kompyuta. Tukatazama. Ebo! Jina linatokea, halafu ngoma inagonga baadaye. Kitu kidogo sana, lakini kilikera kama jiwe kwenye kiatu. Mwenye muziki akaapa kwamba ngoma yake iko sahihi. Fundi naye akaapa kwamba kaweka alipoambiwa.

Wote wawili walikuwa wakweli! Karatasi ilisema 14.4. Fundi aliandika kwenye kompyuta 14:04. Sasa elewa, programu za kuhariri hazihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Baada ya sekunde zinakuja fremu, na fremu zinakwenda mpaka 24 kisha sekunde inaongezeka. Sekunde 0.4 mara fremu 25 ni fremu 10. Kwa hiyo 14.4 ya mwanamuziki ni 14:10 ya mhariri. Kuandika 14:04 kulileta jina mapema kwa fremu 6, karibu robo sekunde.

Tukageuza karatasi nzima. Sekunde 4.8 ikawa 04:20. Sekunde 9.6 ikawa 09:15. Sekunde 14.4 ikawa 14:10, na 19.2 ikawa 19:05. Tangu siku hiyo naandika safu mbili kwenye karatasi, moja ya mwanamuziki na moja ya mhariri, na hakuna anayemlaumu mwenzake.

Utajuaje kwamba jina limekaa pabaya? Usiangalie namba. Geuza uso, sikiliza ngoma huku unagonga goti kwa kidole. Kisha angalia kioo huku unaendelea kugonga. Kama kidole na jina vinakutana, poa. Kama unahisi jina linakusubiri au linakukimbia, sogeza fremu moja, angalia tena, sogeza nyingine.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Sisi tulitaka jina lije ghafla, fremu moja giza, fremu inayofuata herufi nzima. Hilo linakaa kwenye pigo lenyewe. Lakini kadi za waigizaji tulitaka ziwake polepole, kwa fremu 15. Ukianza kuziwasha kwenye pigo, zinafikia mwanga wake wote pigo moja baadaye, na jicho linaona zimechelewa. Kwa hiyo anza pigo moja kabla, ili mwanga ukamilike pale muziki unapogonga. Kadi ya waigizaji, kwa mfano, ilianza kuwaka kwenye 04:05 ikakamilika 04:20.

KWA NINI JINA LA KIJANA LILIPITA

Tuje kwenye lile lililotupeleka pale. Mwisho.

Orodha yangu ilikuwa mistari 42, na nafasi zilizo wazi ndani yake. Fundi aliipandisha kutoka chini kwenda juu, kama sinema kubwa zinavyofanya. Tatizo, wimbo uliokuwa chini yake mara ya kwanza ulikuwa umebakiza sekunde 13 tu uishe. Yeye akafanya rahisi, akaikamata orodha kwa mauzi akaifinya iingie kwenye sekunde 13.

Hebu tupime alichofanya. Kioo cha kawaida cha HD kina nukta 1,080 kutoka juu mpaka chini. Kila mstari wetu ulichukua nukta 60, kwa hiyo mistari 42 ni nukta 2,520. Ili mstari wa mwisho utoke kabisa juu, orodha inabidi isafiri urefu wake pamoja na urefu wa kioo, yaani nukta 3,600. Sekunde 13 ni fremu 325. Gawanya, unapata nukta 11 na kidogo kwa kila fremu. Kila jina lilikaa kiooni chini ya sekunde nne, tena likiwa limebanwa na mistari mingine kumi na saba. Mama wa watu angesomaje?

Halafu kile "na kidogo" nacho kina visa vyake. Kompyuta haiwezi kuwasha nusu ya nukta, kwa hiyo herufi zilikuwa zinatetemeka kama mtu mwenye homa. Ukiona majina yanatetemeka wakati yanapanda, sababu mara nyingi ni hiyo. Mwendo wa orodha lazima uwe nukta kamili kwa kila fremu: mbili, tatu, nne.

Tukajaribu tatu. Nukta 3,600 gawa kwa 3 ni fremu 1,200, sawa na sekunde 48, sawa na mizunguko 20 ya muziki wetu. Herufi zikatulia, kila jina likakaa kiooni zaidi ya sekunde 14. Safi! Ila sekunde 48 baada ya filamu ya dakika 11… watu wanaanza kutafuta viatu. Tukajaribu nne, sekunde 36. Inasomeka, ila kwa mtu aliyezoea kusoma. Mimi nilikuwa namfikiria mama wa Mbagala.

Nikasema, "Jamani, kwani lazima yapande?"

Kimya. Kisha fundi akasema, "Hapana. Yanaweza kusimama."

MAJINA YAKASIMAMA

Kwanza nikaipunguza orodha. Mwongozaji alipotokea mara nne nikamfanya mstari mmoja. "Shukrani kwa wote" ikaondoka, maana wote ni nani? Wakabaki watu waliofanya kazi, kila mmoja na kazi yake, na waliotusaidia kwa majina yao, pamoja na mwenye daladala aliyetupa gari siku tatu. Tukawagawa kwenye kadi sita.

Muda wa kila kadi tuliupata hivi. Tulimwita dada wa chumba cha pili, ambaye hakuwahi kuyaona majina yale, tukamwonyesha kadi moja moja asome kwa sauti, mwendo wake mwenyewe, mimi nikiwa na saa ya simu. Alipomaliza tuliongeza sekunde moja, kisha tukasogeza mpaka mwisho wa mzunguko unaofuata. Usijipime wewe mwenyewe. Wewe unayajua majina, huyasomi, unayatambua tu.

Kadi ya mwongozaji na mtayarishaji ikapata mizunguko miwili. Ya waigizaji sita na nafasi zao, mitatu. Kamera na taa, miwili. Sauti, maiki na muziki, miwili. Uhariri, mavazi na chakula, miwili. Shukrani na haki ya muziki, mitatu. Jumla mizunguko 14, yaani sekunde 33.6. Tukaongeza mizunguko miwili ya giza mwishoni, mlio wa ngoma ufe wenyewe. Mizunguko 16, sekunde 38.4.

Mwenye muziki akakirefusha kipande chake mpaka hapo, kikamalizika kwa pigo moja la kufungia. Hilo ni muhimu. Wimbo uliofifishwa katikati unasikika kama umeme umekatika, lakini pigo la mwisho linamwambia mtazamaji kwamba kazi imeisha, anaweza kupiga makofi. Muziki haukuanza pamoja na giza pia. Picha ya mwisho ni sarafu ya 200 kwenye kiganja cha bibi. Marimba inaanza hapo hapo juu ya kiganja, mizunguko miwili kamili, kisha giza linakuja juu ya ngoma pamoja na kadi ya kwanza. Sikio linajua mwisho unakuja kabla jicho halijaambiwa.

Na kuhusu haki ya muziki, ule wimbo wa mara ya kwanza, wa msanii anayejulikana, tulikuwa tumeuchukua tu. Kuandika jina lake kwenye kadi hakukutupa ruhusa. Wimbo una wenyewe wawili, aliyeutunga na aliyeurekodi, na wote inabidi wakubali, kwa maandishi. Sisi hatukuwa na pesa wala njia ya kuwafikia. Ndiyo maana mshikaji alitengeneza wake.

JINA GANI?

Hapo nilidhani tumemaliza. Nikapita kwa kila mmoja na karatasi, ahakikishe jina lake na kutia alama. Yule kijana wa maiki aliitazama muda mrefu. Nilikuwa nimeandika jina lake la mtaani, lile ambalo sote tunamwita. Ndilo pekee nililolijua.

Akachukua kalamu, akalikata, akaandika matatu: lake, la baba yake, na la babu yake mzaa baba. "Mama hajui mimi naitwa hilo jina lenu," akasema.

Nikabaki mdomo wazi. Maana yake hata kama majina yale yangepita polepole siku ya kwanza, mama asingemwona mwanae. Angekaa pale na khanga yake mpya akisubiri jina ambalo halipo. Tangu hapo orodha ya majina naianza siku ya kwanza ya kupiga picha, kila mtu anaandika la kwake kwa mkono wake, kabla hatujachoka na kuanza kukumbuka kwa kubahatisha. Majina matatu badala ya moja yanabadilisha hata muda, maana kadi ile ilibidi isomwe na kupimwa upya. Ikaingia kwenye mizunguko yake miwili, lakini kwa kubanana.

Wiki mbili baadaye, uani pale pale. Shuka lile lile. Mama kaja, safari hii na khanga ya kawaida tu, nadhani hakutaka kujitia aibu mara mbili. Marimba ikaanza, mkono wa konda, mlango, fundo la khanga… gwum! CHENJI. Mtoto mmoja akaruka. Konda akafungua mdomo, na uwani kote kimya.

Mwisho, kiganja, giza. Kadi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Ya nne ikatokea, mtaalamu wa sauti juu, chini yake "Mshika maiki".

Mama alisogea mbele. Akasoma kwa sauti, neno moja moja, kidole chake kikifuata hewani. La kwanza. La pili. Alipofika la tatu, la marehemu baba mkwe wake, alisimama kidogo, kisha akalitamka. Kadi ikaondoka baada ya hapo. Nilihesabu, alibakiza chini ya sekunde moja.

Haya msomaji wangu, tuonane toleo lijalo!